Ukuta wa Mama Nyuma ya Dada

Saa nane na dakika kumi mchana nilipata habari kwamba dada yangu amefariki. Nilizipata kwenye simu yangu, na marehemu mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, futi kamba shingoni, anakula ndizi ya tatu na kulalamika kwamba taa zangu zinamchoma macho.

Nilisoma mara mbili. Kundi la familia lilikuwa na ujumbe mia moja arobaini na mbili. Binamu yetu mmoja alikuwa ameandika kwamba ameishiwa nguvu za miguu. Mjomba alikuwa anauliza nani ana turubai na viti. Mke wa binamu, ambaye tangu mwaka juzi hajapokea hata salamu za dada, alikuwa ameandika kwamba ukoo umepoteza nguzo. Na juu ya yote hayo ilikuwepo picha. Picha ile niliitengeneza mimi, jana yake, kwa mikono hii hii.

Nilitaka kusema kitu cha maana, kikatoka nilichoweza.

"Dada, wanasema umekufa."

Akameza ndizi kwanza. "Nani anasema?"

"Wote."

Alinitazama kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. Alipoona mwisho hauji, akainyakua simu, akasoma, na ganda la ndizi likamponyoka mkononi.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo mtadhani ukoo wetu una wazimu. Wazimu upo, lakini si huo.

Dada yangu ni fundi cherehani, na ana chaneli ya kufundisha watu kukata na kushona. Kila wiki anatoa somo moja. Yeye ndiye sura na mdomo. Mimi ni kamera, taa, sauti, na zaidi ya yote mimi ni fundi wa majalada, yaani ile picha ndogo ambayo mtu huiona kabla hajabonyeza video. Watu hudhani jalada ni kupiga picha na kubandika. Ningekuwa na muda ningewagombeza mmoja mmoja. Jalada baya linaua somo zuri, na dada anajua hivyo, ndiyo maana ananivumilia.

Baba yetu hajawahi kuona somo hata moja. Kwa miaka minne alikuwa hajazungumza na dada. Siku Mama alipozidiwa ghafla, Baba alimpigia dada simu mara kumi na tisa. Simu ilikuwa imezimwa, kwa sababu dada alikuwa anarekodi, na simu ikiwaka karibu na maikrofoni inaleta mkwaruzo kwenye sauti. Alipoiwasha, Mama alikuwa ameshaondoka. Pale msibani Baba alimuuliza alikuwa wapi, na dada akajibu ukweli mtupu: simu ilikuwa imezimwa, Baba, tulikuwa tunarekodi. Ukweli huo ndio ulioharibu kila kitu. Baba ni mwalimu mstaafu, na hasira yake haipigi kelele. Alisema tu kwamba mtu ambaye hapatikani, yeye hatamtafuta tena. Dada naye, ambaye kichwa chake amekirithi kwa Baba kama kilivyo, akasema sawa, na yeye hatakuwa wa kwanza kupiga.

Mimi nikabaki katikati. Nampelekea Baba dawa zake za presha kila mwezi kwa basi, namsimulia habari za dada bila kumtaja jina, nikirudi namsimulia dada habari za Baba kwa ujanja ule ule. Miaka minne nzima. Nimechoka, na kusema kweli nilikuwa nimekwisha kukata tamaa kwamba watu hawa wawili watakuja kukaa chumba kimoja kabla ya mmoja wao kuzikwa.

Baada ya kifo cha Mama tuliweka sheria moja tu katika chumba cha kurekodia: simu ya dada inazimwa, lakini yangu inabaki inawaka jikoni, mlango ukiwa wazi nusu. Siku hiyo niliiacha jikoni kwenye chaji kama kawaida. Nilichomeka waya kwenye soketi, na swichi ya soketi sikuiwasha. Ilikuwa na chaji kidogo tangu asubuhi, ikajifia yenyewe bila hata kuniaga. Tulirekodi tangu saa tatu hadi saa nane, somo la gauni la kola, na dunia nzima haikuweza kutupata hadi nilipoigundua swichi na kuiwasha.

Sasa picha.

Jana yake nilimpiga dada picha mbele ya kitambaa cha kijani, amevaa gauni lenyewe la kola, mwanga ukimjia kutoka kushoto. Kumtoa mtu kwenye picha ni kazi inayofanana na yake, ila yeye huacha nafasi ya mshono nje ya mstari, mimi hukata ndani ya mstari. Kompyuta inakisia umbo la mtu kwa sekunde mbili, na kila mara inakosea palepale: kwenye nywele na katikati ya vidole. Naingia na brashi ndogo, unywele kwa unywele. Kisha nasogeza ukingo ndani pikseli mbili, maana usipofanya hivyo unabaki utepe wa kijani kuzunguka kichwa chake, anaonekana kama ameota ukungu. Na sifuti kitu. Fundi anayefuta hajui kazi. Nafunika tu, sehemu isiyotakiwa inafichwa chini ya kifuniko, na siku ukitaka unakiondoa, kila kitu kipo.

Dada alitoka safi. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, na nikasema hapo hapo kwamba leo umefanana na Mama. Akasema nifanye kazi.

Taabu ilikuwa mandhari ya nyuma. Nilijaribu duka la vitambaa, maua ya vitambaa yakapigana na gauni. Nilijaribu zambarau tupu, akasema anaonekana kama anauza dawa ya meno. Nilijaribu mtaa wenye maghorofa, lakini jua la mtaa ule lilitoka kulia na uso wa dada unawaka kushoto, na jicho la mtu hata kama halijui kwa nini, linajua limedanganywa. Nikachimba kwenye hazina yangu kutafuta mandhari yenye mwanga wa kushoto, na nikakuta faili nililoliita Ukuta.

Ni ukuta wa uani kwa Baba. Ukuta wa kijivu wenye maua ya waridi yanayoning'inia juu yake. Nililitengeneza faili lile wiki Mama alipofariki, kwa ajili ya tangazo la msiba, na ndiyo kazi ya kwanza ya namna hii niliyowahi kufanya maishani. Nilimtoa Mama kwenye picha iliyopigwa pale uani. Halafu lile tundu alilosimama nikaliziba kwa vipande vya ukuta na maua nilivyonakili kutoka pembeni, maana ukiitia mandhari ukungu, yaani kuififisha, mtu akiwa bado yumo, rangi zake zinavuja na kumzunguka kama moshi. Baada ya kuziba ndipo nikautia ukuta ukungu laini, nikamrudisha Mama mbele yake, nikamchorea mstari mweupe ukingoni na mng'ao mweupe nyuma ya mstari ili atokeze. Baba aliipenda. Aliichapisha, akaitia fremu, akaiweka juu ya redio.

Jana niliutazama ukuta ule nikasema, ni rangi tu. Kwa ukungu ule hakuna atakayejua ni ukuta wala ni maua. Ni kijivu na waridi na mwanga wa kushoto. Nikamweka dada mbele yake. Alikaa kana kwamba alizaliwa pale, na kweli alizaliwa pale. Na kwa kuwa saa zilikuwa zimeniishia na mimi ni mvivu wa kupanga upya vitu vilivyokwisha kupangwa, nikanakili mstari na mng'ao kutoka kwenye tabaka la Mama, maana kwenye faili kila kipande hulala juu ya kingine kama karatasi, nikavibandika kwa dada. Kubonyeza mara mbili tu. Upande wa kushoto niliacha wazi kwa ajili ya maneno, nikamtumia dada kwanza bila maneno ili aseme kama ameikubali sura.

Aliikubali mno. Asubuhi, dakika chache kabla ya kuzima simu, akaiweka kwenye stetasi yake, hivyo hivyo, bila neno hata moja.

Shangazi akaiona. Shangazi ni muuguzi, mtu wa haraka, na kuandika kwenye simu humchosha. Hutuma picha bila maelezo, iwe ya mtoto, ya mboga au ya ajali. Hupenda pia kumchokoza Baba kwa picha za dada, kwa matumaini kwamba siku moja atalainika. Akaipiga skrinshoti, akamtumia Baba, simu akaitupa kwenye kabati la wodini, akaingia zamu.

Haya yote tuliyajua baadaye kwa kuunganisha vipande. Wakati ule, saa nane na robo, tulijua tu kwamba dada amekufa na viti vinatafutwa.

Jambo la kwanza dada alilofanya ni kusimama mbele ya kamera yangu, ambayo bado ilikuwa inawaka, na kujirekodi akisema yu hai, mzima, na aliyeanzisha uvumi huu atakiona. Tukaituma kwenye kundi. Baada ya nusu dakika yule binamu asiye na miguu akajibu: Jamani hata sauti yake bado iko nasi, tutunze video zake. Mwingine akaweka alama ya mishumaa. Dada ana video zaidi ya mia mbili mtandaoni. Nani angejua hii ni ya leo? Niliona uso wake ukibadilika. Ni jambo la kutisha kumwona mtu akigundua kwamba hana namna ya kuthibitisha kuwa yupo.

Akampigia Mjomba moja kwa moja. Mjomba alipokea kwa sauti ya msiba, akasikia "Shikamoo Mjomba," na tukasikia simu inaanguka sakafuni. Ilichukua muda kuiokota. Alipomaliza kumshukuru Mungu na kumtukana dada kwa pumzi moja, dada akamuuliza Baba yuko wapi.

Mjomba akaeleza, polepole. Baba aliipata picha saa nne asubuhi. Aliitazama, akainuka, akaisogeza simu karibu na fremu iliyo juu ya redio. Akampigia dada: haipatikani. Akanipigia mimi: haipatikani. Akapiga tena, na tena, Mjomba akiwa amekaa naye, mpaka Mjomba akamwomba aache. Saa tano akavaa koti jeusi, lile alilovaa siku ya Mama, akasema anakwenda kumchukua mtoto wake amlete nyumbani. Alikataa kusindikizwa, na Mjomba ndiye aliyeiweka picha kwenye kundi. Anwani yetu aliisoma kwenye boksi la dawa nililomtumia mwezi uliopita, niliposhindwa kwenda mwenyewe.

"Dawa amebeba?" nikauliza.

Mjomba hakujua.

Dada akakata simu, akabonyeza namba ya Baba. Hakuitafuta kwenye orodha. Miaka minne, na vidole vyake vilikuwa bado vinaijua. Alikuwa ameapa mbele yangu, si mara moja, kwamba hatakuwa wa kwanza kupiga, na sasa hata hakukumbuka kwamba kiapo hicho kimewahi kuwepo.

Haipatikani.

Akapiga tena. Akapiga huku anatembea, dirishani hadi kwenye cherehani, kwenye cherehani hadi mlangoni, akiruka nyaya za taa zangu bila kuziangalia. Mzee wa miaka sabini na moja, mwenye presha, peke yake ndani ya basi, safari ya saa nne nzima, anakwenda kuchukua maiti. Kila mara yule mwanamke wa kwenye mtambo alimwambia kwa adabu kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa, na kila mara dada alimsikiliza mpaka mwisho, labda safari hii angesema jingine.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa," akasema bila kunitazama. "Hivi ndivyo alivyokuwa anasikia."

Nilikuwa kwenye kompyuta. Kila jalada nikilimaliza hulipunguza hadi liwe dogo kama ukucha, maana ndivyo watu watakavyoliona kwenye simu zao, na kwa udogo huo ndipo makosa yanapojitokeza. Jana sikulipunguza, kwa sababu ya haraka. Sasa nikalipunguza, na pembeni yake nikaliweka tangazo la Mama kwa ukubwa ule ule.

Jamani. Zilikuwa picha moja. Mwanamke yule yule upande wa kulia, kichwa kimeinama vile vile, weupe ule ule ukimzunguka, waridi ile ile ikiyeyuka nyuma yake. Ile nafasi tupu ya kushoto ilikuwa inangoja jina na tarehe. Nilidhani ukungu unaficha. Unauficha ukuta kwa mtu asiyeujua. Baba ameketi akiutazama ukuta ule kila jioni kwa miaka thelathini, na picha yake ipo juu ya redio, na hakuhitaji kuona jiwe wala ua. Aliona rangi, na akajua nani ametengeneza, na akajua picha ya namna ile hutengenezwa lini.

Nikamwambia dada ni kosa langu, nikamwonyesha. Nilitaka anitukane, ningepata nafuu. Aliziangalia picha mbili muda mrefu, kisha akasema tu, "Tushuke chini. Akipanda ngazi hizi na moyo ule tutamuua kweli."

Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu. Tulisimama mlangoni barabarani, juani, kati ya duka la vifaa vya umeme na kinyozi. Kinyozi alituuliza kuna nini, dada akamwambia tunamngoja mtu. Hakutaka kwenda kituo cha mabasi, tungeweza kupishana. Aliendelea kupiga. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu ikapita. Nikaanza kufikiri mambo ambayo sitaki kuyaandika.

Gari la kukodi lilisimama ng'ambo ya barabara. Kwanza ulishuka mguu, ukapapasa lami. Kisha koti jeusi, katika jua lile. Baba alikuwa amepungua. Labda ni mimi nilikuwa simtazami vizuri nikienda kumwona. Alivuka barabara akiangalia chini, akanifikia mimi kwanza, akashika kiwiko changu.

"Wamemweka wapi?" akauliza.

Nikasogea pembeni. Dada alikuwa hatua mbili nyuma yangu, mgongo ukigusa mlango. Baba akainua macho. Akamwona. Akaona futi kamba, na gauni la kola, lile lile la kwenye picha.

Hakupiga kelele. Akakaa kwenye kizingiti cha duka la umeme kama mtu aliyekuwa ameamua kukaa. Dada akapiga magoti mbele yake, palepale kwenye vumbi. Baba akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia, vidole vikapita ukingoni mwa shavu lake hadi kwenye nywele, taratibu, kama anayetafuta mahali palipobandikwa.

"Nimekupigia," akasema.

"Simu ilikuwa imezimwa, Baba. Tulikuwa tunarekodi."

Nilifumba macho. Katika maneno yote ambayo Mungu amewapa wanadamu, alichagua yale yale. Hakuwa na mengine. Ndiyo yaliyokuwa kweli. Nikasubiri.

"Najua," Baba akasema. "Safari hii sikutaka kungoja uiwashe."

Dada akaangusha kichwa kwenye magoti ya Baba akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, hata kwa Mama. Kinyozi akarudi ndani na kufunga mlango wake taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika mfuko wa Baba, na nilipochungulia ndani nilikuta dawa zake za presha zipo, na shuka jeupe jipya, halijatolewa kwenye nailoni. Niliufunga upesi. Mpaka leo sijamwambia dada kuhusu shuka lile.

Tulipanda ngazi tukipumzika kila kituo. Baba alikunywa maji, akameza vidonge, akakataa kuvua koti, kisha akalivua. Dada akaona bitana yake imechanika kwapani, akalichukua koti bila kuuliza, akaenda nalo kwenye mashine. Mimi nikachukua simu ya Baba, ambayo chaji iliisha njiani kwa kupiga kwetu, nikaichomeka. Swichi niliikagua mara tatu.

Baba akakiangalia kitambaa cha kijani, taa, kamera. Akauliza simu zetu hukaa wapi tukirekodi. Nikamweleza sheria yetu, na habari ya soketi. Akatikisa kichwa kama alivyokuwa akifanya mwanafunzi anapokaribia jibu bila kulifikia.

"Nani ametengeneza ile picha?"

"Mimi, Baba."

"Ibadilishe. Nakutazama."

Nikakaa, yeye akivuta kiti nyuma yangu. Nikautoa ukuta. Nikaweka picha ya rafu ya vitambaa ya dada mwenyewe, niliyoipiga asubuhi hiyo kwa bahati tu, mwanga kutoka kushoto. Nikaikuza kidogo ili kingo zisififie nikiitia ukungu, nikaifanya iwe giza kiasi. Nikafuta mng'ao mweupe. Baba akaniambia niweke rangi ambayo hakuna msiba unaotangazwa nayo. Nikaweka mstari wa njano na mng'ao wa machungwa. Akasema ongeza. Nikaongeza hadi dada, kutoka kwenye mashine, akasema anaonekana kama taa ya gari. Baba akasema vizuri, hivyo ndivyo ilivyo salama. Nikaipunguza hadi ukubwa wa ukucha, na hata kwa udogo ule ulimwona mwanamke mzima anayekaribia kukuuzia kitu. Nikaandika maneno upande wa kushoto, makubwa, nikiacha kona ya chini kulia wazi, mahali dakika za video hujibandika zenyewe.

Nikadhani tumemaliza. Baba hakuinuka.

"Sasa nionyeshe ule ukuta," akasema. "Uondolee ukungu."

Nikafungua faili la Ukuta, nikauzima ukungu. Uani kwetu pakatokea, wazi, jiwe kwa jiwe. Baba akasogea karibu na kioo, akanyoosha kidole bila kukigusa.

"Ua hili lipo mara mbili. Hili hapa, na hili. Nimeliona siku nyingi kwenye fremu, nikasema macho yamezeeka."

"Hapo ndipo alipokuwa amesimama. Nilipaziba."

"Kwa hiyo yeye ulimfuta."

"Sifuti, Baba. Nimemfunika tu."

Nikazima tabaka la viraka, nikakiondoa kifuniko kwenye picha ya asili. Sikuwa nimeifungua hivyo tangu wiki ile. Mama akatokea mahali pake, mzima, na masufuria yamepangwa miguuni kwake yanakauka, na kandambili zake za plastiki. Na mkono wake wa kulia, ambao kwenye tangazo niliuficha kwa upindo wa kitambaa chake cha kichwa, ulikuwa umeinuliwa sikioni. Umeshika simu. Kumbe kichwa kile hakikuinama kwa ajili ya picha. Mimi ndiye niliyeikata ile simu, kwa sababu nilidhani mtu hatangazwi marehemu akiwa anaongea na simu, na kwa miaka minne nikasahau kwamba ilikuwepo.

Mashine ya dada ikanyamaza. Akaja na koti mkononi, sindano bado imening'inia kwenye bitana, akasimama nyuma yetu.

"Saa sita na nusu," Baba akasema. "Kila siku saa sita na nusu, masufuria yakishaoshwa. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti, sionekani." Akageuka. "Alikuwa anaongea na wewe. Ulikuwa unapokea kila siku, na mimi nikaihesabu ile moja tu ambayo hukupokea."

Dada akaweka mkono begani kwa Baba, na mkono wa Baba ukapanda ukaukuta.

Hapo simu ya Baba ikawaka kwenye meza. Ikatulia, ikatafuta mtandao, kisha ikaanza kuingiza taarifa za watu waliompigia ikiwa imezimwa. Namba moja tu, ile ile, saa nane na ishirini, nane na ishirini na moja, nane na ishirini na mbili. Baba alivaa miwani, akaanza kuzisoma moja moja kwa midomo bila sauti. Ziliendelea kuingia, na hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.